Kwa Nini Prosesa Inayoruka Zamu Huidhinisha kwa Zamu

Programu inapokatika ghafla kwenye kompyuta ya Linux, mara nyingi skrini huandika maneno mawili tu: `Segmentation fault`. Mwandishi wa programu akiifungua kwa `gdb` ili atafute kosa, anaonyeshwa amri moja iliyosababisha yote, pamoja na thamani iliyokuwamo katika kila rejista. Kila amri iliyotangulia imekwisha kutekelezwa. Zilizofuata hazijagusa chochote. Mpaka ni safi, kana kwamba mashine ilikuwa ikisoma mstari mmoja mmoja, na ilipofika pale ikasimama.

Mashine haikuwa ikisoma hivyo. Wakati kosa linatokea, prosesa ya kisasa huwa na mamia ya amri mikononi kwa mpigo. Nyingine zimekwisha kupata majibu ingawa zimeandikwa chini kabisa katika programu, na nyingine zilizoandikwa juu bado zinangoja. Mpaka safi anaouona mtu ndani ya `gdb` umetengenezwa kwa makusudi, na kifaa kinachoutengeneza ndicho kiini cha makala haya: bafa ya mpangilio.

Kwanza, kwa nini prosesa iruke zamu? Sababu kubwa ni kumbukumbu. Prosesa inayokwenda kwa gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde, na kujumlisha namba mbili huichukua pigo moja. Lakini data isiyokuwamo kwenye kache inapoagizwa kutoka kumbukumbu kuu, inaweza kuchukua nanosekunde 80 kufika, yaani mapigo 240 ya saa. Prosesa ikikaa tu kuisubiri, itakuwa imepoteza nafasi ya kufanya mamia ya kazi ndogondogo ambazo hazihitaji data hiyo kabisa. Kwa hiyo inatazama mbele, inachagua amri ambazo mahitaji yake yako tayari, na kuzitekeleza kabla ya zamu yao.

Faida yake haina ubishi. Hasara yake inaonekana katika kipande hiki kifupi cha amri za RISC-V:

```
1000: ld   x5, 0(x10)
1004: ld   x6, 0(x11)
1008: addi x11, x11, 8
100c: sd   x12, 0(x13)
1010: add  x7, x5, x6
```

Namba za kushoto ni anwani za amri zenyewe. Amri ya kwanza inasoma kumbukumbu mahali panapotajwa na rejista x10 na kuweka jibu katika x5. Ya pili inasoma mahali panapotajwa na x11. Tuseme x11 ina 8192. Ya tatu inaongeza 8 kwenye x11, ili iwe 8200. Ya nne inaandika kilichomo ndani ya x12 kwenye kumbukumbu. Ya mwisho inajumlisha yale mawili yaliyosomwa.

Sasa tuseme data ya amri ya kwanza haimo kwenye kache, na itachukua mapigo 240. Na amri ya pili ina shida ya namna nyingine: ukurasa wa kumbukumbu wenye anwani 8192 haumo ndani ya kumbukumbu kuu kwa sasa. Mfumo endeshi uliuhamishia kwenye diski ili kupata nafasi. Hilo si kosa la mtu yeyote. Linatokea kila siku kwenye kompyuta za watu, na dawa yake ni kusimamisha programu, kuleta ukurasa kutoka diski, kisha kurudia amri ya pili kana kwamba hakuna kilichotokea.

Neno la kushika hapo ni kurudia. Amri ya tatu haingoji mtu yeyote. X11 ipo, 8 ipo, jibu linapatikana ndani ya pigo moja. Ikiachwa iandike 8200 moja kwa moja kwenye x11, basi mfumo endeshi utakapomaliza kuleta ukurasa na kuiamuru prosesa irudie amri ya pili, amri hiyo itasoma anwani 8200 badala ya 8192. Haitalalamika. Itachukua namba isiyo yake, itajumlishwa na nyingine, na programu itaendelea na jibu baya bila onyo lolote. Kosa la aina hii ni baya kuliko programu kukatika, kwa sababu linatokea siku kumbukumbu imejaa na kutoweka siku haijajaa, na hakuna mstari wa msimbo unaoweza kulaumiwa.

Amri ya nne ina hatari yake pia. Ikiandika kwenye kumbukumbu kabla ya wakati, na ikabainika kwamba programu haikupaswa kufika pale, kilichofutwa hakirudi.

Tatizo hili lilijulikana mapema. Mwaka 1967 IBM ilikuwa na mashine kubwa ya hesabu za kisayansi, System/360 Modeli 91. Mhandisi wake Robert Tomasulo alibuni njia ya kuziacha amri za hesabu za desimali zitekelezwe kila moja inapopata mahitaji yake, bila kujali mpangilio wa programu. Njia hiyo ingali inafundishwa vyuoni kwa jina lake. Lakini Modeli 91 iliruhusu majibu yaingie kwenye rejista kadiri yalivyopatikana, hivyo hesabu ilipofurika na hitilafu ikatokea, anwani aliyopewa mwandishi wa programu ilikuwa ya kukadiria tu: kosa liko karibu na hapa. Nyaraka za mashine hiyo zilikiri wazi kuwa hitilafu zake za namna hii hazikuwa bayana. Kwa mashine isiyo na utaratibu wa kurasa za kumbukumbu hilo liliweza kuvumilika, kwa kuwa baada ya kosa la hesabu programu ilisimama tu, wala haikuhitaji kuendelezwa kutoka pale ilipoachia. Kurasa zilipoenea, uvumilivu huo haukuwezekana tena.

Jibu lililodumu lilichapishwa mwaka 1985 na James E. Smith na Andrew Pleszkun wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison. Kwanza walieleza kwa masharti matatu hitilafu bayana ni ipi. Amri zote zilizotangulia ile yenye hitilafu ziwe zimemaliza na kubadilisha hali ya mashine ipasavyo. Amri zote zinazoifuata ziwe hazijabadilisha chochote. Na anwani iliyohifadhiwa iwe ya amri yenye hitilafu yenyewe. Kisha wakapendekeza njia kadhaa za kuyatimiza masharti hayo, na iliyopata umaarufu mkubwa ni bafa ya mpangilio.

Wazo lake ni kutenganisha mambo mawili ambayo Modeli 91 iliyachanganya: kupata jibu, na kulitangaza jibu. Kupata jibu kunaweza kufanyika kwa mpangilio wowote. Kutangaza, yaani kuidhinisha, kunafuata mpangilio wa programu tu. Jibu linapopatikana huandikwa ndani ya bafa kama hesabu iliyoandikwa kwa penseli, na kuidhinishwa ni kulipitishia wino kwenye rejista halisi.

Bafa yenyewe ni foleni ya mduara yenye vyumba, na ina kichwa na mkia. Kila amri, mara tu inapotafsiriwa, hupewa chumba kwenye mkia, na hapa zamu haivunjwi kamwe: amri huingia kama zilivyoandikwa. Ndani ya chumba huandikwa anwani ya amri, rejista inayopaswa kupokea jibu, jibu lenyewe likishapatikana, alama ya kuonyesha kama imemaliza, na nafasi ya kuandika hitilafu kama ipo. Baada ya kupewa chumba, amri huwa huru kutekelezwa wakati wowote. Lakini kutoka ndani ya bafa ni kwa kupitia kichwani, na aliye kichwani hatoki mpaka awe amemaliza.

Turudi kwenye amri zetu tano, tufuate pigo kwa pigo.

Katika mapigo mawili ya kwanza amri zote tano zinapata vyumba. Ya kwanza inatuma ombi kwenye kumbukumbu na kuanza kungoja. Ya tatu inamaliza papo hapo: chumba chake kinaandikwa 8200 na alama ya kumaliza, lakini rejista halisi ya x11 bado inasoma 8192. Kama amri nyingine iliyo chini ingehitaji x11, ingepewa 8200 kutoka ndani ya bafa, kwa sababu prosesa huwa na jedwali linaloonyesha jibu la karibuni la kila rejista liko chumba gani. Ya nne inajua anwani na inajua cha kuandika, lakini haiandiki. Inaweka vyote viwili kwenye foleni ya pembeni inayotunza maandishi yanayongoja idhini. Ya tano haiwezi kufanya kitu mpaka x5 na x6 zipatikane.

Amri ya pili inatafuta ukurasa wake kwenye majedwali ya kumbukumbu. Baada ya mapigo kama 30 inabainika haupo. Na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulipita haraka: prosesa haifanyi chochote. Haiiti mfumo endeshi. Inaandika tu ndani ya chumba cha pili kwamba amri hii imepata hitilafu ya ukurasa kwenye anwani 8192, kisha inaendelea na kazi nyingine.

Inasubiri kwa sababu hitilafu hiyo bado si ya uhakika. Amri ya kwanza haijamaliza, na yenyewe inaweza kuja na hitilafu. Kisheria hiyo ndiyo inayopaswa kushughulikiwa kwanza, kwa kuwa katika programu ndiyo iliyotangulia. Pia inawezekana kwamba juu yake kulikuwa na njia panda. Tuchukue mstari wa lugha ya C unaoandikwa kila siku:

```
if (p != NULL) x = *p;
```

Prosesa haingoji kujua kama p ni tupu. Inakisia kulingana na mazoea, na kama mara mia zilizopita p haikuwa tupu, itakisia hivyo tena na kuanza kusoma. Siku p ikiwa tupu, usomaji huo utapata hitilafu, ilhali mwandishi alikwishaweka sharti la kuuzuia. Kama hitilafu ingetangazwa pale inapogunduliwa, programu iliyoandikwa kwa uangalifu wote ingeuawa kwa kosa la makisio ya prosesa. Kwa kuwa inasubiri ndani ya chumba, njia panda inapoamuliwa na makisio kuonekana si sahihi, vyumba vyote vilivyofuata hufutwa, na hitilafu hufutwa pamoja navyo. Hitilafu za aina hii huzaliwa na kufa ndani ya prosesa bila mtu yeyote kupata habari zake.

Kwenye pigo la 240 hivi data ya amri ya kwanza inafika. Iko kichwani, imemaliza, haina hitilafu. Jibu lake linaingia kwenye x5 halisi na chumba chake kinaachiliwa. Kichwa sasa ni amri ya pili. Hakuna tena kilicho mbele yake kinachoweza kuitengua, hivyo hitilafu yake ni ya kweli. Prosesa inafuta vyumba vya amri ya tatu, ya nne na ya tano. Ile 8200 inapotea. Maandishi ya amri ya nne yanaondolewa kwenye foleni yake, na kumbukumbu haijaguswa. Jedwali la rejista linarudishwa lielekeze kwenye rejista halisi, ambamo x11 ni 8192 kama ilivyokuwa.

Kisha rejista tatu maalumu za RISC-V zinajazwa. `sepc` inapata 1004, anwani ya amri yenye hitilafu. `scause` inapata 13, namba ya hitilafu ya ukurasa wakati wa kusoma. `stval` inapata 8192, anwani iliyokosekana. Mfumo endeshi unaamka, unasoma hizo tatu, unaleta ukurasa kutoka diski, na kutoa amri ya `sret`. Programu inaendelea kutoka 1004. Masharti matatu ya Smith na Pleszkun yametimia yote, na programu haiwezi kujua kwamba amri ya tatu iliwahi kufanyika mara mbili.

Miaka 10 baada ya makala yao, mwaka 1995, Intel ilitoa Pentium Pro, prosesa iliyofikisha mbinu hii kwenye kompyuta za kawaida za ofisini. Bafa yake ilikuwa na vyumba 40, na iliweza kuidhinisha hadi kazi ndogo 3 kwa pigo moja.

Si wote waliokubali gharama hiyo mara moja. Prosesa za Alfa za kampuni ya DEC, za mwaka 1992 na kuendelea, ziliweka hitilafu za kurasa bayana lakini zikaziacha hitilafu za hesabu zisiwe bayana, ili kurahisisha mashine. Aliyetaka kujua ni hesabu gani hasa iliyoharibika ilimbidi aweke amri ya `trapb`, inayosimamisha kila kitu mpaka hesabu zilizotangulia zimalizike. Kikusanyi cha GCC kilikuwa na chaguo la kuziweka amri hizo, na kadiri zilivyoongezeka, ndivyo programu ilivyopunguza mwendo. Mzigo ulihamishwa kutoka kwenye mashine kwenda kwa mwandishi wa programu, na ni haki kusema kuwa huko siko ulikopaswa kukaa.

Kuidhinisha kwa zamu nako kuna bei yake. Katika mfano wetu amri ya kwanza ilikaa kichwani mapigo 240, na muda wote huo hakuna chumba kilichoweza kuachiliwa, hata cha amri iliyomaliza zamani. Prosesa ya Intel ya Skylake, ya mwaka 2015, ina bafa ya vyumba 224 na inaweza kujaza vyumba 4 kwa pigo. Kwa hiyo bafa tupu hujaa ndani ya mapigo 56. Baada ya hapo hakuna amri mpya inayoingia, na mapigo 184 yaliyobaki yanapita huku kazi mpya zikiwa zimefungiwa mlango. Ndiyo sababu vyumba vimekuwa vikiongezwa kizazi baada ya kizazi. Viini vikubwa vya Intel vya mwaka 2021 vina 512. Kuongeza vyumba peke yake hakutoshi, kwani kila chumba kinahitaji rejista za akiba na nafasi katika foleni za kusoma na kuandika, na vyote hivyo vinakula eneo na umeme.

Kuna pia jambo ambalo kufuta vyumba hakulifuti. Bafa inalinda rejista na kumbukumbu, yaani vile programu inavyoweza kuviona moja kwa moja. Haikuahidi lolote kuhusu kache. Januari 2018 watafiti walitangaza udhaifu walioupa jina la Meltdown, uliogusa prosesa nyingi za Intel. Programu ya kawaida ilisoma anwani ya kiini cha mfumo endeshi, ambayo imekatazwa. Hitilafu iliandikwa ndani ya chumba kungoja zamu, kama kanuni inavyotaka. Lakini katika kipindi hicho cha kungoja, thamani iliyosomwa ilikwishapewa amri iliyofuata, nayo ikaitumia kuchagua mahali pa kusoma kwenye jedwali la mshambuliaji. Hitilafu ilipofika kichwani, kila kitu kilifutwa ipasavyo, ila kipande kile cha jedwali kilibaki kwenye kache. Mshambuliaji alipima muda: sehemu moja ilisomeka upesi kuliko nyingine zote, na namba ya sehemu hiyo ndiyo siri yenyewe.

Hitilafu ilikuwa bayana kwa masharti yote matatu. Prosesa zilizokuja baadaye zilirekebishwa zisiipe amri inayofuata thamani ya usomaji uliokatazwa, na kwa zile za zamani Linux ilianza kuondoa karibu kurasa zote za kiini kwenye majedwali ya programu za kawaida, jambo lililozigharimu kasi programu zinazouita mfumo endeshi mara nyingi.

Mpaka mwingine wa mbinu hii uko upande wa kuandika. Amri ya kuandika ikishaidhinishwa, data yake hutoka kwenye foleni na kusafiri kuelekea kache, kumbukumbu au kifaa cha nje. Ikiwa huko mbele kifaa kitaikataa, amri iliyoituma imekwisha kutoka ndani ya bafa zamani, na zilizoifuata nazo zimeidhinishwa. Hakuna cha kufuta. Kwenye prosesa za ARM taarifa ya namna hiyo huitwa `SError`, na anayeikuta kwenye kumbukumbu za mfumo hapaswi kuiamini anwani iliyoandikwa pembeni yake kama angeiamini ile ya hitilafu ya ukurasa. Mara nyingi inaonyesha tu mahali prosesa ilipokuwa imefika taarifa ilipoipata. Wanaotengeneza madereva ya vifaa hulazimika kumtafuta mkosaji kwa kuongeza vizuizi baada ya kila andiko linaloshukiwa, kuendesha upya, na kutazama ni baada ya kizuizi kipi taarifa inajitokeza.